Kumwandikia Mwajiri Ambaye Hajatangaza Kazi

Msikilizaji, vijana wengi waliomaliza vyuo huandikia kampuni barua pepe za kuomba kazi ambayo haijatangazwa, na wengi wao hawapati jibu lolote. Baada ya ukimya wa wiki kadhaa wanakata shauri kwamba waajiri wana dharau, au kwamba bila kujuana hakuna kinachopatikana. Ninaelewa uchungu huo, lakini nadhani sababu kubwa iko kwenye barua zenyewe. Nyingi hazimuulizi msomaji kitu anachoweza kukijibu. Zinaomba "nafasi yoyote", na mtu akiombwa nafasi yoyote analazimika kufanya kazi ya mwombaji. Asome vyeti, akisie huyu anafaa wapi, azunguke idara moja baada ya nyingine akiulizia kama kuna upungufu, ndipo arudi kuandika jibu. Meneja mwenye mizigo bandarini hana saa nzima ya kumpa mtu asiyemfahamu. Ana nusu dakika, na barua inapaswa kutosha humo.

Kabla ya kuitazama barua yenyewe, tuulize kama njia hii inafika popote. Mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa kitabu kuhusu namna watu wanavyopata kazi. Aliwachunguza wanaume wenye kazi za kitaaluma, za kiufundi na za uongozi katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts. Zaidi ya nusu walikuwa wamepata kazi kupitia watu waliowafahamu, na hilo ndilo linalokumbukwa na wote wanaomtaja. Lakini katika hesabu hizo hizo, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amemwendea mwajiri moja kwa moja, bila mtu wa kumtambulisha. Kundi hilo lilikuwa kubwa sawa na la wale waliopitia matangazo na mawakala wa ajira. Newton si Dar es Salaam, na tangu wakati huo imepita zaidi ya miaka hamsini. Siwezi kusema uwiano ni huo huo kwetu. Ninachokichukua hapo ni kwamba kazi huwa ipo kabla ya tangazo. Inaanza kama mrundikano wa shughuli kwenye meza ya mtu aliyeelemewa, na kati ya mrundikano huo na tangazo kuna wiki au miezi ambayo mwajiri anajua anahitaji msaada ila hajaanza kuutafuta.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Binti ana stashahada ya forodha kutoka Chuo cha Kodi, Dar es Salaam, na anataka kuiandikia kampuni ya uwakala wa forodha. Kampuni hiyo husafirisha mizigo inayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Mizigo ya namna hii hailipiwi ushuru hapa kwetu, kwa kuwa haibaki hapa. Badala yake wakala anaweka dhamana ya forodha, yaani ahadi ya fedha kwamba mzigo utatoka nchini kweli. Gari likishavuka na kutoka kwake kukathibitishwa kwenye mfumo wa forodha, dhamana inafungwa na kiasi kilichokuwa kimeshikiliwa kinaachiwa. Uthibitisho usipoingia, dhamana hubaki wazi hata kama kontena limeshafika Lubumbashi. Dhamana za namna hiyo zikiongezeka, wakala anakosa nafasi ya kupitisha mizigo mipya, na anaweza kudaiwa ushuru wa mzigo ambao haupo tena nchini. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa na orodha, kulinganisha safari moja moja, kupiga simu mpakani na kukusanya nyaraka. Ni shughuli ya kila siku, haina sifa, na katika ofisi iliyoelemewa ndiyo huachwa ikae.

Sasa sikiliza barua ambayo binti huyu angeiandika kwa mazoea. Kichwa chake ni "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KAZI". Inaanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inaendelea na umri wake, mkoa anakotoka, shule ya msingi na ya sekondari, kisha sifa kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Inamalizia kwa kuomba nafasi yoyote itakayopatikana. Chini yake kuna viambatisho saba, vikiwemo cheti cha kuzaliwa na picha ya kitambulisho cha NIDA. Imetumwa kwenye anwani inayoanza na info@, na anwani za kampuni nyingine kumi na mbili zinaonekana pale juu. Aliyeipokea anajua mambo mengi kuhusu mwandishi. Hajui anatakiwa kufanya nini.

Barua nyingine ina kichwa kisemacho "Ufuatiliaji wa dhamana za mizigo ya Tunduma". Imetumwa kwa mtu mmoja, meneja wa mizigo ya kwenda nchi jirani, kwa jina lake, na inasema hivi: "Habari za kazi. Nimesoma kwenye tovuti yenu kwamba mnapeleka mizigo Lusaka na Lubumbashi kupitia Tunduma. Nina stashahada ya forodha kutoka Chuo cha Kodi. Katika mafunzo kwa vitendo kwa wakala mmoja hapa Dar es Salaam, nilikuwa nalinganisha orodha ya dhamana zilizo wazi na taarifa za magari yaliyokwisha kuvuka, kisha naandaa nyaraka za kuzifunga. Najua hamjatangaza nafasi. Je, naweza kukutumia wasifu wangu wa ukurasa mmoja? Kama shughuli hii iko chini ya mtu mwingine, nitashukuru kujua nimwandikie nani. Ahsante kwa muda wako." Kisha jina na namba ya simu, basi. Maneno hayafiki mia moja, na kwenye simu ya mkononi yanasomeka yote bila kusogeza skrini mara nyingi.

Angalia kinachofanya kazi humo. Kichwa kinataja shughuli ya msomaji, kwa hiyo anaifungua akidhani ni jambo la ofisini, na akiifungua anakuta ni la ofisini kweli. Sentensi ya kwanza baada ya salamu inaonyesha kwamba barua hii isingeweza kutumwa kwa wakala anayeshughulika na magari ya Japani pekee. Uzoefu umeelezwa kwa kitendo kinachoweza kuulizwa. Meneja akitaka kumpima atauliza alikuwa anapata wapi taarifa za kuvuka mpaka, na aliyewahi kuifanya atajibu papo hapo. Neno "mchapakazi" haliulizwi wala halipimwi. Halafu lile swali la mwisho linajibika kwa neno moja, "Tuma", au kwa jina la mtu mwingine. Hata mtu aliyesimama getini bandarini akisubiri gari litoke anaweza kulijibu. Na jibu la pili lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu barua inayofuata itaanza kwa kusema meneja fulani ameniambia nikuandikie. Hapo binti asiyejuana na mtu ameshaanza kujulikana.

Kuhusu viambatisho nina msimamo mkali. Barua ya kwanza isiwe nacho hata kimoja. Mafaili mazito humchelewesha msomaji, na faili kutoka kwa mgeni humtia wasiwasi mtu mwangalifu. Zaidi ya hapo, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa ni taarifa nyeti za mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kampuni inayopokea nakala hizo inabeba wajibu wa kuzitunza, ingawa haikuziomba. Na asiye mwaminifu akizipata, mwenye kuumia ni aliyezituma.

Wapo watakaosema kwamba barua fupi namna hii haina adabu, hasa kijana anapomwandikia mtu mzima mwenye cheo. Ninaiheshimu hoja hiyo, maana barua rasmi zetu zina taratibu zake, na kuna ofisi ambazo wakuu wake wanataka kuziona taratibu hizo. Lakini hesabu adabu iliyomo katika ile fupi. Kuna salamu, kuna jina la mtu lililotafutwa, kuna kukiri kwamba hakuna nafasi iliyotangazwa, kuna shukrani. Kilichopunguzwa ni historia ya mwandishi, na kumpunguzia mkubwa kazi ya kusoma ni sehemu ya kumheshimu. Kama mawasiliano ya kampuni yote ni ya Kiingereza, binti aandike kwa Kiingereza, kwa urefu ule ule.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, akijitaja kwa shughuli moja tu, hajifungii milango mingine? Ndiyo, kwa msomaji mmoja anajifungia. Meneja ambaye dhamana zake zote zimefungwa vizuri anaweza kupita bila kujibu. Lakini mtu huyo hakuwa na shida inayomhusu binti huyu tangu mwanzo, na kuomba nafasi yoyote kusingeizalisha. Kwa kampuni inayoshughulika na mizigo ya bandari kavu ataandika barua nyingine, yenye shughuli nyingine aliyowahi kuifanya. Gharama ya njia hii ndiyo hii: kila barua inadai nusu siku ya kutafuta kampuni inafanya nini hasa, na simu moja ya mapokezi kuuliza anayesimamia mizigo ya nchi jirani anaitwa nani. Atatuma chache kwa wiki. Anayetuma mia kwa siku moja hawezi kuandika hivi.

Njia hii ina mipaka yake pia. Ajira nyingi za utumishi wa umma Tanzania hupita Sekretarieti ya Ajira, na maombi huingizwa kwenye mfumo wake nafasi zikitangazwa. Barua ya namna hii kwa mkurugenzi wa taasisi ya serikali haitampatia ajira, hata iandikwe vizuri vipi. Na hakuna barua inayoweza kumfanya mwenye kampuni isiyo na fedha aajiri. Inachoweza ni kumfikia yule mwenye fedha kidogo na shida inayomsumbua, wakati bado hajaamua kutangaza.

Binti asipojibiwa, asubiri siku saba mpaka kumi za kazi, kisha aandike mara moja tu, akijibu barua yake ile ile ili maneno ya kwanza yaonekane chini. Mstari mmoja unatosha: "Nakumbushia swali langu la hapo chini, na nitaelewa kama si wakati wake." Baada ya hapo aache. Akijibiwa "Tuma", wasifu uende siku hiyo hiyo, faili moja la PDF lenye jina lake, na ile shughuli ya dhamana ikae juu kabisa ya ukurasa, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya meneja ajibu. Akijibiwa kwamba kwa sasa hakuna nafasi, ashukuru na aulize jambo moja jingine linalojibika kwa neno moja: je, naweza kukuandikia tena mwezi Januari? Meneja akiandika "Sawa", binti aiweke tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu yake, na Januari aandike kwenye mazungumzo yale yale.