Barua ya Ufadhili Iliyopigwa Picha: Neno "Endapo" na Saa za London

Picha hufika kwa Wotsapu, mara nyingi usiku, na ombi fupi: "Kaka, nisomee hii, mzee anataka kujua kama kweli nimepata." Karatasi imekunjwa katikati na kivuli cha simu kimeangukia aya ya mwisho.

Makala hii inafuata barua ya mfano ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, ambao hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja.

Mfasiri makini huanza kwa kuhesabu kurasa. Pembeni pameandikwa kuwa huo ni ukurasa wa 1 kati ya 4, na picha iliyotumwa ni moja tu. Pongezi ziko ukurasa wa kwanza. Masharti mengi yako kwenye hizo tatu zilizobaki. Basi aombe zote, zipigwe upya mchana karibu na dirisha. Tarakimu isiyosomeka, 3 au 8, aiandike "haisomeki" wala asikisie.

Aya ya pili ndiyo huwaponza wengi. Inasema mwanafunzi amechaguliwa, endapo atapata nafasi isiyo na masharti katika chuo alichoomba, na endapo atapata viza. Mfasiri akiandika "umepata ufadhili" na kuishia hapo, mzee atachinja mbuzi mapema. Tafsiri sahihi ni hii: "Umechaguliwa, lakini ufadhili haujathibitishwa mpaka utimize mambo haya." Viza yenyewe humdai Mtanzania cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, nacho huhitaji siku zake.

Kisha kuna saa. Tuseme barua inataka uthibitisho wa chuo kabla ya saa 17:00, Julai 9, kwa saa za London. Majira hayo ya kiangazi, London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa mbili, kwa hiyo mwisho ni 19:00 ya huku, yaani saa 1 jioni. Anayeona 17:00 akaandika "saa 5" amempeleka mwanafunzi saa 5 usiku, saa nne baada ya mlango kufungwa. Usalama ni kuandika saa zote mbili.

Mwisho ni saini. Anayekubali Chevening anaahidi kurudi nchini kwake na kukaa angalau miaka miwili baada ya ufadhili kumalizika. Akivunja ahadi hiyo, anaweza kudaiwa gharama zote zilizolipwa kwa ajili yake. Familia inayotarajia kijana abaki Uingereza kutafuta kazi ielezwe jambo hili kwa Kiswahili cha nyumbani, wakiwa wamekaa pamoja.

Wafasiri wanaombwa kifungu hicho cha kurudi nyumbani wakisome kwa sauti, mara mbili, kabla kalamu haijashikwa.