Vinu vya Posho na Mwisho wa Faida

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Sugoi



Katika mkutano uliopita wanachama kadhaa walitoa shauri kwamba fedha za akiba ya chama zinunue kinu cha kusagia posho, nacho kiwekwe hapa kituoni. Walisema, na kwa haki, kwamba wenye vinu wanapata fedha nyingi na kwamba foleni ya watoto wenye magunia haikatiki. Kamati ikatuagiza sisi tulichunguze jambo hili na kuleta jibu. Jibu letu halihusu kinu kimoja tu. Latupasa kueleza kwanza kwa nini faida kubwa ya kazi kama hii haidumu, na ni vinu vingapi vinavyoweza kuishi mahali pamoja.

Tutatumia hesabu za mfano, zilizo rahisi kufuata, si hesabu za mtu yeyote aliye jirani yetu. Tuseme mashine, mota yake na kuunganishiwa umeme vyote pamoja hugharimu shilingi 400,000, na vitadumu miaka 8. Basi kila mwaka mashine huchakaa kwa shilingi 50,000. Tena, fedha hizo 400,000 zingewekwa mahali pengine zingezaa, tuseme, asilimia 10, yaani 40,000. Jumla ni 90,000 kwa mwaka, na kwa siku 300 za kazi ni shilingi 300 kila siku. Mshahara wa msagaji tuufanye 500, na kodi ya banda 100. Hizo 900 hulipwa kila siku, kinu kisage kisisage. Halafu umeme, nyundo, chujio na mkanda hula shilingi 4 kwa kila gorogoro moja linalosagwa.

Sasa, msagaji akisaga gorogoro 50 tu kwa siku, zile 900 zinagawanywa kwa watu wachache, na kila gorogoro linamgharimu shilingi 22. Akisaga 100, gharama inashuka hadi 13. Akisaga 150, inakuwa 10 kamili. Akilazimisha kuvuka hapo, mota hupata joto, nyundo huisha upesi, na hana budi kuajiri mtu wa usiku. Tuseme kila gorogoro la ziada linamtoa shilingi 16. Akifika 200, wastani unapanda tena hadi 11 na nusu. Kwa hiyo pana kiasi kimoja ambacho kinu husaga kwa gharama ndogo kuliko vyote, nacho katika mfano wetu ni gorogoro 150 kwa siku, kwa shilingi 10. Tafadhali wazee wazikumbuke namba hizo mbili, maana jibu lote limesimama juu yake.

Tuseme leo vinu ni viwili na bei ya kusaga ni shilingi 15. Kwa bei hiyo watu huleta gorogoro 300, nusu kwa kila kinu. Kila mwenye kinu anapata shilingi 5 juu ya gharama zote, yaani 750 kwa siku. Hii ndiyo fedha iliyoonwa na wanachama wetu. Lakini haikuonwa na wao peke yao. Aliye na mahindi ya kuuza ameiona, na mwalimu aliyestaafu ameiona, na hakuna sheria wala hati inayowazuia. Wa tatu akifungua, unga unaosagwa unakuwa gorogoro 450. Ili wateja wa kutosha wapatikane, waliokuwa wakienda kusaga mbali au kununua unga wa pakiti, bei haina budi kushuka hadi 12 na nusu. Sasa faida ya ziada ni 375 kwa siku kwa kila mmoja. Bado inavuta. Wa nne akifungua, gorogoro zinakuwa 600 na bei inakuwa 10.

Hapo mchezo unasimama. Mwenye kinu anapokea shilingi 1,500 kwa siku. Anatoa 600 za umeme na vipuri, 500 za mshahara, 100 za banda, na 300 za mashine. Hakibaki kitu. Wengine watauliza: mtu gani atafanya kazi asipate faida? Jibu ni kwamba kila mtu amekwisha kulipwa. Msagaji ana mshahara wake, hata kama msagaji ndiye mwenye kinu. Mashine inajilipia yenyewe ili inunuliwe nyingine itakapokufa. Fedha zimezaa asilimia 10 zile zile ambazo zingezaa kwingine. Kilichokwisha ni ile ziada iliyokuwa ikiwaita wageni. Isipokuwapo ziada, hakuna sababu ya mtu kuingia. Na kwa kuwa hakuna hasara, hakuna sababu ya mtu kutoka. Alfred Marshall, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1890 alitenga muda mfupi, ambao mashine ni zile zile, na muda mrefu, ambao watu wana nafasi ya kujenga mpya au kuziacha za zamani. Hesabu hii ya vinu vinne ni ya muda mrefu.

Na idadi ya vinu hupatikanaje? Twachukua unga ambao watu watataka kusaga kwa bei ya shilingi 10, yaani gorogoro 600, twagawanya kwa kiasi cha kinu kimoja kinachosaga kwa gharama ndogo, yaani 150. Jibu ni vinne. Watu wakiongezeka hata gorogoro 900 zitakiwe kwa bei hiyo hiyo, vinu vitakuwa sita, na bei, ikiwa ilipanda kwa muda, itarudi pale pale kwenye 10, maadamu gharama za umeme, mashine na mishahara hazikubadilika. Kinachobadilika ni idadi. Ikiwa hesabu haigawanyiki sawa, tuseme ni gorogoro 700, basi vinne vitabaki na ziada ndogo, kwa kuwa kinu hakikatwi vipande na wa tano hawezi kupata kazi ya kumtosha.

Lakini watu hawaingii kwa zamu, mmoja mmoja, kama tulivyohesabu. Wote huiona bei ya 15 siku moja, na wote huagiza mashine siku moja. Tuseme wanakuja watatu badala ya wawili, na vinu vinakuwa vitano. Ili gorogoro 750 zisagwe, bei yashuka hadi 7 na nusu. Kila kinu kinapokea 1,125. Baada ya umeme na vipuri, zinabaki 525. Msagaji analipwa 500 yake, na kwa banda na mashine zinabaki shilingi 25 tu, mahali pa 400. Hasara ni 375 kwa siku. Hata hivyo mwenye kinu hafungi kesho. Mashine amekwisha kuinunua, na banda halina mpangaji mwingine. Bora 25 kuliko kufunga mlango. Kwa hiyo kuingia ni kwa haraka, na kutoka ni kwa polepole. Kinu cha kutoka hujulikana siku mota yake inapoungua au nyundo zote zinapotaka kubadilishwa: mwenyewe anahesabu, anaona bei haitalipa mashine mpya, anauza chuma chakavu. Ndipo vinabaki vinne, na bei inapanda hadi 10. Mwanachama akitaka kujua kama mahali pana vinu kupita kiasi, asitazame foleni ya siku moja. Aulize kama wenye vinu wananunua mota mpya zinapokufa, au wanazifunga kwa waya na kuendelea.

Mambo haya si ya mfano tu. Mpaka mwishoni mwa mwaka 1993 Serikali ya Kenya iliweka masharti juu ya kusafirisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya, na Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao iliuza mahindi hasa kwa viwanda vikubwa. Mwenye kinu kidogo mjini, asiyekuwa na njia ya kupata nafaka kwa urahisi, alikuwa kama mtu aliyefungiwa lango. Masharti hayo na ruzuku ya unga wa viwandani vilipoondolewa, watu wengi wa Nairobi na miji mingine waligeukia kununua mahindi na kuyasaga kwenye vinu vya posho, na tofauti kati ya bei ya mahindi na bei ya unga ikapungua. Lango lilipofunguliwa, sehemu ya faida ya waliokuwa ndani ilihamia kwenye sufuria za wanunuzi.

Hatuna budi kusema pia mahali hesabu hii inapokoma. Kinu kilicho peke yake ng'ambo ya mto, ambako mama hawezi kubeba debe kwenda kwingine, hakishindani na mtu, na bei yake yaweza kukaa juu miaka mingi. Tena yuko aliye na kiwanja kizuri kando ya barabara ya lami, anayesaga kwa gharama ndogo kuliko wenzake. Huyo atabaki na kitu. Lakini kama kiwanja ni cha kukodi, mwenye kiwanja atakiona kitu hicho na kukidai katika kodi ya mwaka unaofuata.

Basi, ndugu wanachama, jibu letu ni hili. Tusinunue kinu kwa sababu ya ile shilingi 5 ya ziada, maana siku mashine yetu itakapofungwa, wengine nao watakuwa wamefunga zao. Tujiulize: kwa bei ya shilingi 10, kinu cha chama kitaweza kujilipia? Ikiwa msagaji wetu atalipwa sawasawa, na gharama yetu haizidi 10, akiba yetu haitapotea, ila itazaa asilimia 10 tu, kama ingezaa kwingine, na karo za watoto tulizotumaini kulipa kwa ziada hazitapatikana hapo. Ikiwa gharama yetu ni 11, kwa sababu kinu cha watu wengi hakina mtu wa kukiamkia usiku, basi sisi ndio tutakaokuwa wa tano, na mota itakayouzwa kuwa chuma chakavu itakuwa yetu. Akiba hii imetoka katika magunia ya wajane na ya wazee waliomo humu. Twaomba mkutano uipime kwa bei itakayokuwapo wote wakiisha kufika, usiipime kwa bei ya leo.