Hotuba ya kumwingiza George Mukabi katika Ukumbi wa Magwiji



Leo tunamwenzi marehemu George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Hatukuhesabu santuri alizouza. Tuliangalia vidole vya waliomfuata. Katika mtindo wake wa omutibo, gitaa moja hufanya kazi ya mawili: kidole gumba hushika besi, cha shahada hupiga sauti ya juu, na mwenzake hukwaruza chupa ya soda kuweka mdundo. Basi bendi imetimia, bila umeme wala ngoma.

Abana ba Nasery wa Bunyore walipotumbuiza Uingereza, chupa hiyo ilikuwa nao. Santuri huchakaa, upigaji huo bado unarithiwa. Ndiyo maana jina lake linaingia leo.