Fraze nane zinatosha: namna ya kumpa mwandishi wa habari hadithi, siyo kilio

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi



Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo tu: ile imeli unayomwandikia mwandishi wa habari ao mkubwa wa redaksyo, ili umwambie kuna habari fulani na inafaa aje kuiangalia. Watu wengi kati yetu banajua kuandika komunike. Komunike ni kazi ingine. Komunike inasema sisi tunawaza nini, tunakataa nini, tunaomba nini. Imeli ya leo inasema nini kilitokea, kilimpata nani, na mwandishi atakihakikisha kwa njia gani. Ukichanganya hizi mbili, imeli yako itasomwa mstari mmoja, kisha itafungwa.

Tuchukue mfano mumoja, tuufuate mpaka mwisho. Masomo ya primeri ya serikali ni ya bure. Katiba ya 2006 inasema vile mu kifungu cha 43, na serikali ilianza kuitumikisha mu mwaka wa masomo 2019-2020. Lakini tuseme mu kartye yako, masomo moja ya serikali ingali inaomba bazazi feza kila mwezi. Unakasirika, unafungua telefone, unaandika hivi:

«Bwana Mwandishi, tunakuomba uongee juu ya shida ya elimu mu Kongo. Bazazi banateseka, batoto banafukuzwa, na bakubwa banaangalia tu. Hii haiwezi kuendelea. Tunangojea msaada wako.»

Hakuna uongo mule. Lakini jiweke pahali pa yule anayesoma. Iko na waandishi batatu ao bane, iko na moto moja, na saa sita ya mchana habari lazima zipite. «Shida ya elimu» hawezi kumtuma mtu kuitafuta. Aende wapi? Azungumze na nani? Na juu ya nini leo, siyo mwaka jana? Ile uliyomtumia ni somo pana, haiko hadithi. Hadithi iko na mtu, pahali, siku, na kitu kimoja chenye kimebadilika.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika, unatoka nyumbani. Sisi wenye diplome bila kazi, masaa tuko nayo, tuitumikishe. Unaenda kuuliza bazazi: batoto wangapi balirudishwa, siku gani, wa darasa gani, feza ngapi, zinalipwa namna gani. Unaomba kuona kwa macho yako. Usiandike «balituambia» kwa kitu ambacho ungeweza kukiona. Ukimaliza, imeli njo hii:

Objet : Katuba: watoto 17 warudishwa nyumbani kwa faranga 3 000, katika shule ya bure

«Jambo Bibi (jina lake). Jumatatu tarehe 6 Oktoba, watoto 17 wa darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali (jina la shule), Katuba, walirudishwa nyumbani kwa sababu wazazi hawakulipa faranga 3 000 za motivasyo ya walimu. Kisheria masomo hayo ni bure. Jambo jipya ni hili: mwaka huu risiti haitolewi tena, feza zinatumwa kwa telefone kwenye namba ya mtu binafsi. Nimeona meseji za malipo za wazazi wanne. Wazazi wawili wanakubali kuzungumza, mmoja kwa jina lake, mwingine bila jina. Sijazungumza na mkuu wa shule, na sijui kama inspekta anafahamu. Jumamosi tarehe 11, saa tatu ya asubuhi, kuna mkutano wa wazazi kwenye uwanja wa shule. Mimi ni memba wa harakati ya vijana, lakini sina mtoto wala ndugu katika shule hiyo.»

Chini yake: jina lako la kweli na namba ya telefone inayopatikana. Basi. Hesabu kisha salamu: ni fraze nane, na kila moja iko na kazi yake.

Tuanze na ule mstari wa Objet. Mkubwa wa redaksyo anauona mbele ya kufungua, mara nyingi ku telefone, na telefone inaukata. Kwa hiyo pahali na tukio vinaingia kwanza. «Habari ya lazima» ao «SOS» haimwambii kitu, kwa sababu kila mtu anaandika vile.

Fraze ya kwanza ni tukio lenyewe, na siku yake. Ya pili inaonyesha kwa nini tukio ni habari: kuna sheria, na kuna kitendo kinachopingana nayo. Ya tatu njo moyo wa imeli yote. Kuomba bazazi feza, redaksyo imekwisha kusikia mara mia. Lakini risiti kupotea, na feza kupita kwenye namba ya mtu binafsi, hiyo ni kitu cha kufuatilia. Kama hauna fraze ya tatu, usitume bado. Rudi kuuliza: nini kimebadilika mwaka huu, ao mwezi huu? Ukikosa jibu, pengine hadithi bado haijafika.

Fraze ya ine na ya tano zinamwambia kwamba kazi inawezekana. «Nimeona meseji» inapita «inasemekana» mbali sana. Na ukiandika kwamba mzazi anakubali kuzungumza, hakikisha alikubali kweli, na alikubali nini: jina, sauti, ao picha. Ni ruhusa tatu mbalimbali. Mama anaweza kukubali sauti ipite ku radio, lakini asikubali jina, kwa sababu mtoto wake atarudi mu darasa ile ile kesho, mbele ya mwalimu ule ule. Kwa hiyo mu imeli ya kwanza hautii majina ya bazazi, hautii namba zao, na picha za batoto hauzitume hata kidogo. Unasema tu: wako wawili. Mwandishi akijibu, unarudi kwa ule mama, unamwuliza tena, ndipo unawakutanisha. Imeli inaweza kusukumwa kwa mtu mwingine bila wewe kujua, na ule atakayelipa bei siyo wewe.

Fraze ya sita inawatia watu wengi hofu: kusema «sijui». Wanawaza inaharibu nguvu ya imeli. Hapana, njo inayofanya mwandishi akuamini, maana inamwonyesha mpaka wa kazi yako na mwanzo wa kazi yake. Yeye lazima amtafute mkuu wa shule, hata wewe ukipenda ao ukikataa. Kode penali yetu, kifungu cha 74, inamwazibu mtu anayemtupia mwenzake hazarani, kwa nia mbaya, tendo fulani linaloharibu heshima yake. Kwa hiyo ukiandika «mkuu wa shule ni mwizi», umemtumia redaksyo hatari, haujamtumia habari. Andika kilichoonekana: namba ni ya mtu binafsi. Ni ya nani na feza zinaenda wapi, hiyo itatafutwa.

Na hapa mukubali kitu kimoja. Mwandishi akianza kutafuta, hadithi inaweza kugeuka. Anaweza kukuta kwamba mu ile masomo walimu kazaa ni bale banaita nuvel inite: banafundisha kila siku, lakini bado hawajaingia ku liste ya mshahara ya serikali, na ile faranga 3 000 njo inawalisha. Hapo kichwa cha habari hakitakuwa kile ulichokitaka. Haiko usaliti. Kama unataka maneno yako yapite bila kubadilishwa, hiyo tena ni komunike.

Fraze ya saba ni siku. Mkutano wa Jumamosi unajibu swali la «kwa nini sasa», na unampa mwandishi pahali pa kukuta batu pamoja. Imeli inatumwa siku ya pili ao ya tatu ya juma, ili apate wakati wa kupanga. Ukiituma Ijumaa magaribi, umechelewa. Fraze ya nane inasema wewe ni nani. Usifiche kama uko memba wa harakati. Akija kugundua peke yake, hata yale ya kweli ataanza kuyatilia mashaka.

Sasa, kutuma. Mtumie mtu mumoja, mwenye anafanya habari za aina ile. Sikiliza matangazo, soma jina chini ya makala, ndipo uandike jina lake ku salamu. Usitie anwani za redaksyo kumi pamoja, hata ukizificha mu Cci, maana kila moja itawaza nyingine inafanya kazi. Usiambatanishe video nzito. Andika tu kwamba picha za meseji ziko, na majina yamefichwa, atakayezitaka azipate. Kama siku mbili zimepita bila jibu, tuma fraze moja ya kumkumbusha, ao piga telefone mara moja. Ikiwa bado kimya, unamwandikia: «Asante, sasa ninaipeleka kwingine,» na unaipeleka kwa redaksyo ya pili. Kimya mara nyingi ni moto kukosa esansi ao siku kujaa, siyo zarau.

Ya mwisho ni feza. Wote tunajua kile kinachoitwa kupaji: mwenye habari anampa mwandishi bahasha, ati ni ya transpori. Mu imeli yako usiahidi transpori, usiahidi chakula, usiandike «tutapatana». Kwanza, habari iliyolipiwa inakufa siku adui wako akilipa zaidi. Pili, ile fraze yako inabaki mu sandugu ya mtu, na siku moja mkuu wa shule ao avoka wake ataionyesha, aseme yote yalinunuliwa. Hapo bale bazazi wawili waliokubali kusema watabaki bila ngao. Mwandishi akikuomba feza, mjibu kwa heshima kwamba hauna za kutoa, na unaipeleka hadithi kwa redaksyo ingine.

Mbele ya kubonyeza Envoyer, someshea mwenzako asiyejua chochote juu ya ile masomo. Kisha umwulize: nini kilitokea, wapi, siku gani, nini ni kipya? Akishindwa kujibu hata moja, rudi ku fraze inayohusika, uitengeneze. Akijibu zote ine, tuma.