Daftari la Shukrani: Jambo Moja, Ulichimbe

Msikilizaji, kama kila usiku daftari lako linasema “familia, afya, chakula”, mkono unaandika, akili imeshalala. Chagua jambo moja. Badala ya “namshukuru jirani”, andika: Jumanne mvua iliponyesha nikiwa kazini, mama jirani alianua sare ya mwanangu, akaikunja, akaiweka kwake. Kisha jiulize: asingekuwepo, ingekuwaje? Mtoto angekwenda shule na sare mbichi. Hapo ndipo shukrani inapoonekana.

Wala si lazima kila siku. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliripoti kwamba walioandika mara moja kwa wiki furaha yao iliongezeka. Walioandika mara tatu, haikuongezeka. Basi chagua siku yako moja, uandike sentensi tano kuhusu mtu mmoja.