Banda Lako Linabeba Kuku Wangapi?

Msikilizaji wetu wa Garissa, Wajir na Mandera, leo tunapima banda la kuku wa mayai wanaofugwa sakafuni, juu ya maranda.

Chukua futi kamba. Tuseme banda lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Zidisha: mita 30 za mraba. Kwenye baridi kama Limuru, mita moja ya mraba hutosha kuku 5 hadi 6, yaani hata 180. Lakini hapa Garissa joto hupita nyuzi 35 mchana, basi hesabu kuku 4 kwa mita ya mraba. Hao ni 120.

Kwa nini tupunguze? Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, na kila mmoja huongeza joto na unyevu ndani ya banda. Wakibanana, hewa haipiti kati yao.

Hata hao 120 wanahitaji upepo. Elekeza urefu wa banda mashariki na magharibi, ili jua lisipige kuta ndefu. Kuta hizo zijengwe nusu mita tu kutoka chini, kisha wavu hadi juu.

Ingia saa nane mchana. Ukiwakuta wamepanua midomo na kutandaza mabawa, joto limezidi. Ukiingia alfajiri na harufu kama ya mkojo ikakuchoma macho, hewa haitoki. Hapo punguza kuku au ongeza wavu kabla hawajaanza kufa.