Chupa ya Mafuta ya Transfoma
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Shanzu)



Mimi ni mtu wa reli, lakini transfoma ya karakana ya reli na transfoma iliyo nyuma ya hoteli hapa Shanzu ni mamoja: zote mbili hukaa ndani ya mafuta, na mafuta hayo ndiyo yazuiayo stima isiruke kutoka waya hadi waya. Mmetaka nieleze jinsi nguvu hiyo inavyopimwa. Kipimo chenyewe ni chepesi. Kazi huharibika zaidi mahali pa kujaza chupa, na huko ndiko nitakakokaa.

Kipimo ni hivi. Mafuta hutiwa katika kikombe chenye vichwa viwili vya chuma vinavyotazamana, nafasi kati yao ikiwa milimita 2.5. Huachwa yatulie dakika 5. Kisha stima hupandishwa kilovolti 2 kila sekunde mpaka cheche iruke, na hesabu huandikwa. Hufanywa hivyo mara 6, kwa kupumzika dakika 2 kila mara, na hesabu zote zikajumlishwa na kugawanywa kwa 6. Kwa transfoma ndogo zilizo kazini, chini ya kilovolti 30 ni mafuta mabaya, na juu ya 40 ni mazuri.

Sasa chupa. Iwe ya kioo, safi, iliyokaushwa jikoni mwa moto na kufungwa ikingali na joto. Usiipanguse ndani kwa tambara wala pamba, kwa maana uzi mmoja usioonekana kwa macho, ukilowa maji, hujipanga kati ya vile vichwa viwili kama daraja, na stima hupita juu yake. Usifanye kazi hii wakati wa mvua, wala asubuhi penye umande. Tena chupa isiwe baridi kuliko hewa. Ninyi wa pwani mnaijua chupa ya soda itokayo katika barafu, jinsi inavyotoka jasho mezani. Chupa ya mafuta ikifunguliwa ikiwa baridi, jasho hilo huingia ndani.

Kabla ya kugusa koki ya chini, hakikisha kwamba mafuta yatasukumwa nje, wala hewa haitavutwa ndani. Transfoma iliyozibwa kabisa ikipoa huweza kuvuta, na povu la hewa likipanda kati ya waya zenye stima, hapo ni hatari ya maisha. Basi safisha mdomo wa koki, mwaga lita moja au mbili katika ndoo mpaka uchafu uliolala kwenye bomba utoke, suuza chupa kwa mafuta yale yale, kisha jaza polepole kwa mpira uliofika chini ya chupa ili pasiwe na povu. Andika joto la mafuta saa ile. Chupa isifunguliwe mpaka siku ya kupimwa, nayo imeshapata joto la chumba.

Tuseme sasa majibu yamerudi: 48, 22, 41, 19, 37, 25. Jumla ni 192, na mgao wake ni 32. Mwenye haraka atasema imepita. Mimi nasema tazama jinsi hesabu zinavyorukaruka. Hiyo ni dalili ya nyuzi au vumbi, na yaweza kuwa limetoka kwenye chupa, si kwenye transfoma. Chukua chupa nyingine mbili, kwa uangalifu ule ule, kabla ya kumshitaki mtu au mashine.

Lakini zikirudi 21, 19, 22, 20, 18, 20, na chupa ya pili ikasema hivyo hivyo, hapo shuku maji. Nenda kwenye kipumulio cha transfoma. Zile punje zake za buluu zikiwa zimegeuka rangi ya waridi, zimeshiba unyevu, nazo hazikaushi tena hewa ya bahari inayovutwa kila usiku transfoma inapopoa. Tazama pia mipira ya kifuniko, na kama mafuta yamepungua.

Wengi husikia maji wakadhani kuchuja kunatosha. Maji mengi ya transfoma hayamo katika mafuta, yamo katika karatasi zilizofungwa juu ya waya. Mafuta yakichujwa leo yatatoa 50, na baada ya majuma machache karatasi zitayarudishia maji. Ndiyo sababu yapasa kupima tena baadaye, na kuuliza mafuta yalikuwa na joto gani siku ile, maana mafuta ya moto huchukua maji mengi zaidi yakayayusha, na yakipoa chupani hesabu hushuka.

Neno moja kabla ya maswali. Kipimo hiki hakionyeshi uchachu wa mafuta yaliyozeeka. Mafuta meusi, yenye harufu kali, yakiwa makavu huweza kutoa 45 huku yanakula karatasi ndani. Hayo yana kipimo chake, na chupa yake hupelekwa maabara.